Kubali Mazuri, Lakini Mazuri Ni Yapi?

"Pitia masahihisho, kubali yale mazuri, kisha unirudishie." Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa akipata ujumbe kama huu kutoka kwa mwenyekiti wake, pamoja na faili la Word la ripoti ya mwaka lililojaa maneno mekundu na maoni pembeni, kishawishi chake cha kwanza ni kubofya Accept All Changes. Asibofye. Amri hiyo inakubali kila kitu, makosa ya msahihishaji yakiwemo.

Ahifadhi nakala kwanza, kisha aende Review na kuchagua All Markup. Akichagua No Markup, ukurasa utaonekana safi, lakini masahihisho yamefichwa tu. Bado yamo ndani ya faili.

Sasa aanze kupima. Kipimo ninachokiamini ni kujiuliza: msahihishaji alihitaji kujua nini ndipo abadilishe hapa? Aliyegeuza "walilejesha" kuwa "walirejesha" alihitaji kujua Kiswahili tu, basi akubaliwe. Lakini tuseme ripoti iliandika "Baadhi ya wanachama walirejesha mikopo kwa wakati," naye akafuta "Baadhi ya." Sentensi imekuwa fupi na inasomeka vizuri, ila sasa inadai kwamba hakuna aliyechelewa. Hapo alihitaji kuwajua wakopaji wenyewe. Kama daftari linaonyesha waliochelewa, ni Reject. Maneno madogo kama "baadhi," "huenda," "lazima" na "isipokuwa" ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu yakiondoka sentensi haichechemei.

Tarakimu hazipimwi kwa macho kabisa. Sh 4,500,000 ikigeuzwa kuwa Sh 5,400,000, zote mbili zinawezekana. Katibu afungue daftari la marejesho. Asipolipata, aliache sahihisho hilo na rangi yake na kuandika swali pembeni. Hakuna aliyemlazimisha kuamua kila kitu.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Msahihishaji akigeuza "mikopo hiyo ilichelewa" kuwa "mkopo huo ulichelewa," Word inaweza kuyahesabu kama masahihisho kadhaa yaliyo mbalimbali. Ukikubali la kwanza na kuyasahau mengine, unabaki na "mkopo hiyo ilichelewa." Sentensi ya namna hiyo iteuliwe yote, ndipo ubofye Accept mara moja. Hata hivyo uliza kwanza kama kweli mkopo ulikuwa mmoja.

Maoni ya pembeni hayaondoki kwa kukubali masahihisho. Kila moja lijibiwe kwanza, ndipo lifungwe kwa Resolve. Na pale katibu alipokataa sahihisho linalogusa maana au hesabu, aache sababu ya mstari mmoja ambayo mwenyekiti anaweza kuihakiki: "Daftari la Juni lina 4,500,000, nimebakiza ya awali."