Makengeza ya Mtoto: Kisu Kinapoishia, Miwani Inaendelea

Wazazi wengi wanaompeleka mtoto mwenye makengeza kufanyiwa upasuaji huwa na matumaini mawili kwa pamoja: macho yanyooke, na miwani iwekwe kabatini. Wiki moja baadaye macho yamenyooka kweli na wekundu umeanza kupungua, kisha daktari anasema: "Mama, miwani yake ni ile ile, na aivae kutwa nzima." Hapo mzazi huduwaa. Kama upasuaji umefanikiwa, miwani ya nini tena?

Jibu linategemea aina ya makengeza. Wapo watoto ambao jicho huanza kugeukia ndani kabla hawajafikisha miezi sita, na wengi wao miwani haiwasaidii sana. Lipo kundi jingine, ambalo ndilo linalowachanganya zaidi wazazi. Hawa huzaliwa na macho yaliyonyooka, kisha wakifika miaka miwili, mitatu au minne, jicho moja linaanza kukimbilia puani. Mwanzoni hutokea mtoto akichoka au akitazama kitu cha karibu, mfano sahani ya chakula au simu. Baada ya muda jicho hubaki huko.

Chanzo chake kilielezwa mwaka 1864 na Franciscus Donders, daktari Mholanzi wa mjini Utrecht. Aligundua kwamba wengi wa watoto hawa wana jicho fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, hivyo picha ya kile wanachotazama haijikusanyi sawasawa kwenye retina. Mtoto ana lenzi laini na yenye nguvu, kwa hiyo huikaza ili aone vizuri. Lakini ubongo umeyaunganisha mambo mawili: kila lenzi inapokazwa, macho nayo huamriwa yageuke ndani, maana kwa kawaida lenzi hukazwa pale mtu anapotazama kitu cha karibu. Mtoto huyu hukaza lenzi hata akitazama mlima ulio mbali. Amri ya kugeuka ndani inatoka kutwa, na siku moja jicho linashindwa kuizuia.

Miwani yenye namba ya kujumlisha hufanya kazi ambayo lenzi ilikuwa ikiifanya kwa nguvu. Lenzi inapumzika na amri inapungua. Kwa baadhi ya watoto macho hunyooka kabisa kwa miwani peke yake, na hao hawapaswi kupasuliwa. Kwa wengine hunyooka nusu tu, na hiyo nusu inayobaki ndiyo kazi ya daktari wa upasuaji.

Chukua mfano wa binti wa miaka mitatu na nusu, wa aina inayoonekana sana katika kliniki za macho za watoto. Jicho lake la kushoto limekuwa likiingia ndani kwa mwaka mzima. Bibi yake amesema ataacha akikua, baba ana wasiwasi, na hatimaye wanafika hospitali. Daktari anaanza kwa kumulika tochi. Macho yakiwa yamenyooka, nukta ya mwanga huonekana katikati ya kila mboni. Kipimo hiki kidogo huwaondolea wasiwasi wazazi wengi wa watoto wachanga, kwa sababu mtoto mwenye pua pana kwenye shina lake anaweza kuonekana ana makengeza wakati hana. Kwa binti huyu, nukta ya jicho la kulia iko katikati na ya kushoto imesogea kuelekea sikioni. Haya ni makengeza ya kweli.

Kabla ya kuzungumzia miwani wala kisu, daktari anatanua mboni na kutazama ndani ya jicho. Hatua hii hairukwi. Saratani ya retina ya watoto wadogo wakati mwingine hujitangaza kwa makengeza, na mara nyingi kwa weupe unaong'aa ndani ya mboni, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera. Mtoto mwenye weupe huo apelekwe hospitali haraka, asisubirishwe.

Kisha unafika wakati wa kupima namba ya miwani. Kwa kuwa lenzi ya mtoto hujificha kwa kujikaza, lazima ilegezwe kwa dawa, na kwa watoto wenye macho meusi mara nyingi hutumika matone ya atropini ambayo mzazi huyaweka nyumbani kwa siku tatu. Mboni hubaki pana kwa siku kadhaa, na jua humsumbua mtoto. Akipata homa au uso ukimwiva mwekundu, matone husimamishwa na daktari huambiwa. Namba ya binti huyu inapatikana: +5.00 macho yote mawili. Anapewa miwani kamili ya kuvaa tangu anapoamka mpaka anapolala.

Miezi miwili baadaye anarudi. Daktari anashika vipande vya kioo cha prizimu mbele ya jicho na kupima amegeuka kiasi gani. Bila miwani, makengeza ni prizimu 45. Akiwa na miwani, ni 25. Tofauti hiyo ya 20 ni ile iliyoletwa na kukaza lenzi, na miwani imeiondoa. Zilizobaki 25 ni za misuli.

Bado haendi chumba cha upasuaji. Jicho la kushoto limezoea kupuuzwa na ubongo na uwezo wake wa kuona umeshuka. Kwa hiyo jicho la kulia, lililo zima, linazibwa kwa plasta saa mbili kila siku ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Mtoto hulia, huibandua, hugoma. Wazazi wanaofaulu ni wale wanaoifanya iwe saa ya hadithi au ya kuchora. Kazi hii ni bora itangulie upasuaji, kwa sababu jicho lisiloona vizuri halina cha kulishikilia katika mnyooko na hurudi kupotea. Kingine ni kwamba, makengeza yakishanyooka, wazazi wengi huona kazi imekwisha na plasta hutupwa, wakati jicho bado ni dhaifu.

Sasa kisu. Kila jicho huendeshwa na misuli sita. Minne imenyooka: mmoja upande wa pua, mmoja upande wa sikio, mmoja juu, mmoja chini. Miwili imepita mshazari na kazi yake kubwa ni kulizungusha jicho. Kwa binti huyu inayoguswa ni miwili tu, ule wa upande wa pua katika jicho la kushoto na mwenzake wa jicho la kulia. Wazazi hushtuka: mbona jicho zima linapasuliwa? Macho hutembea kwa jozi, na makengeza ni kosa la uwiano kati ya mawili hayo, hata kama linaonekana kwenye moja. Kugawa marekebisho sawa pande zote mbili ni njia moja. Jicho moja likiwa dhaifu mno, daktari huweza kuliacha lile zima na kufanya kazi yote kwenye dhaifu: msuli wa ndani unalegezwa, wa nje unafupishwa kwa kukatwa kipande.

Mtoto analazwa kwa nusukaputi. Jicho halitolewi mahali pake, ingawa uvumi huo hauishi. Daktari anachana kidogo utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, anaunasa msuli kwa kulabu, anaushona uzi mwembamba unaoyeyuka, kisha anaukata pale uliposhika. Anapima kwa kipimo kidogo chenye ncha mbili, na kuushona tena nyuma zaidi. Msuli uliorudishwa nyuma unalegea, kama hatamu iliyoachiwa kidogo, na jicho halivutwi tena puani. Kwa prizimu 25, jedwali linalotumiwa sana linaelekeza milimita 4 kila jicho. Nusu milimita tu hubadilisha matokeo kwa takribani prizimu 5. Ukuta wa jicho mahali hapo una unene wa karibu theluthi moja ya milimita, na sindano inapaswa kupita ndani yake bila kuutoboa. Msuli ukivutwa, mapigo ya moyo ya mtoto yanaweza kushuka ghafla. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi hutazama mashine muda wote, na daktari huachia akiambiwa aachie. Kwa sababu hiyo upasuaji huu hufanyiwa mahali penye wataalamu wa usingizi wa watoto, mfano CCBRT ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi au Kikuyu nchini Kenya.

Na kwa nini asinyooshwe zile 45 zote, miwani ikaachwa? Kwa sababu upasuaji haurefushi jicho. Namba ya +5.00 ingebaki, naye angeendelea kukaza lenzi na kuchoka, huku jicho la kushoto likiwa hatarini kudhoofika tena. Siku ambayo angevaa miwani ili aone ubao, zile prizimu 20 zingegeuka upande wa pili: jicho lingetoka nje kuelekea sikioni.

Suala la muda hufuata mantiki hiyo hiyo. Kwa aina iliyoanza baada ya mwaka mmoja, wakati mwafaka ni pale miwani imeshavaliwa kikamilifu kwa wiki kadhaa, jicho dhaifu limeshaimarishwa, na vipimo viwili vya siku tofauti vinakubaliana. Baada ya hapo kuchelewa hakuna faida, kwani macho yakikaa miaka bila kushirikiana, ubongo hupoteza uwezo wa kupima kina na umbali kwa macho mawili. Kwa watoto walioanza kabla ya miezi sita wakiwa na makengeza makubwa ya kudumu, madaktari wengi hupasua kabla ya miaka miwili. Utafiti wa Ulaya uliolinganisha upasuaji wa kati ya miezi 6 na 24 na ule wa kati ya miezi 32 na 60 ulikuta kwamba, walipofika miaka sita, kiasi cha watoto 13 kwa kila 100 wa kundi la mapema walikuwa na uwezo huo wa kuona kina, dhidi ya 4 wa kundi la baadaye. Lakini wa mapema walirudiwa upasuaji mara nyingi zaidi kidogo. Mzazi aambiwe yote mawili kabla ya kusaini.

Binti wa mfano wetu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Jicho huwa jekundu kwa wiki mbili hivi, huhisi kama lina mchanga, na huenda akaona vitu viwili viwili kwa siku chache. Haogelei kwa wiki mbili, anawekewa matone, na miwani inarudi usoni mara tu anapoweza kuivumilia. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uvimbe wa kope, usaha au uoni unaoshuka ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo jicho likitoka ghafla kuelekea sikioni na kushindwa kuja upande wa pua: huenda msuli umeteleza kwenye nyuzi zake, na unatakiwa kutafutwa na kushonwa upya mapema.

Miwani yake itapimwa upya kila mwaka. Kwa watoto wengi wa aina hii namba hupanda kidogo mpaka karibu miaka saba, kisha huanza kushuka. Inaposhuka, daktari hupunguza nguvu ya kioo kidogo kidogo, akiangalia kila mara kama jicho linabaki limenyooka. Baadhi huiacha miwani wakiwa sekondari. Wengine, hasa waliokuwa na namba kubwa tangu utotoni, huendelea kuivaa ukubwani.