Kazi 15 zisizo na mwenyewe: kusafisha orodha ya kazi ya chama chenu

Ukitoka Mwatate ukishika barabara ya Taveta, unafika Bura, chini ya vilima vya Taita. Huku, kama kwingineko, vikundi vingi siku hizi havitumii daftari la karatasi pekee. Michango inaingia kwa simu, risiti zinakaa kwenye ujumbe wa uthibitisho, na kazi za kamati zimeandikwa kwenye jedwali la pamoja ambalo kila mwanakamati analifungua kwenye simu yake. Jedwali hilo huanza vizuri. Baada ya miezi minane hivi limejaa mistari ambayo hakuna anayejua kama bado ni kazi au ni kumbukumbu tu.

Wateja hutuuliza sana kuhusu michango, lakini mara nyingi shida iko kwenye orodha ya kazi. Mstari unaosema "Lipa fundi wa bomba 4,800", bila jina na bila tarehe, ni hatari kuliko unavyoonekana. Mweka hazina anaweza kudhani katibu amelipa. Au wote wawili walipe, kila mmoja akijua anafanya wema, na pesa za watu ziende mara mbili kwa mtu mmoja.

Tutumie kikundi cha mfano. Ni wanachama 22 wa Bura wenye mradi wa maji: tangi moja, bomba linaloshuka kutoka mlimani, na kioski kinachopokea malipo kwa nambari ya tili. Kikundi hiki tumekibuni, ila mistari yake ni ya aina tunayoiona kila siku. Jedwali lao liko kwenye Google Sheets, kwenye ukurasa unaoitwa Orodha, na lina safu tano: A ni kazi, B ni mhusika, C ni tarehe ya mwisho, D ni hali, na E ni siku kazi ilipoguswa mara ya mwisho. Wanakagua Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025.

Kabla ya kugusa chochote, fanyeni nakala ya jedwali zima (File, kisha Make a copy). Hii si tahadhari ya bure. Ukianza kusafisha, utaandika tarehe za leo kwenye safu ya E, na mstari uliolala tangu Februari utaonekana kama umeamka leo asubuhi. Ushahidi wa uzee wake utakuwa umeufuta wewe mwenyewe. Kwa hiyo nakala ndiyo inayokaguliwa, na kule kwenye jedwali lenyewe safu ya E inabadilishwa pale tu kazi yenyewe inaposogea. Kurekebisha tahajia hakuhesabiki.

Jambo la pili ni hali. Kwenye ukurasa mpya, uuite Ukaguzi, andikeni:

```
=UNIQUE(Orodha!D2:D)
```

Itawaletea kila namna ambayo hali imeandikwa. Kikundi chetu kilipata "Imekwisha", "imeisha", "tayari", "sawa", "nimemaliza" na nafasi tupu. Kwa binadamu zile tano za kwanza ni kitu kimoja. Kwa jedwali ni vitu vitano, na kazi iliyoandikwa "tayari" itaendelea kuhesabiwa kama haijafanywa. Geuzeni zote ziwe "Imekwisha", halafu muweke menyu ya kuchagua kwenye safu hiyo ili mtu asiandike la kwake. Baada ya hapo walibaki na kazi 40 zilizo wazi.

Sasa ndiyo watafute zisizo na mwenyewe:

```
=FILTER(Orodha!A2:E, Orodha!A2:A<>"", Orodha!D2:D<>"Imekwisha", TRIM(Orodha!B2:B)="")
```

Ile TRIM ina sababu. Simu huacha nafasi kwenye kisanduku bila wewe kujua, na kisanduku chenye nafasi moja si tupu machoni pa jedwali. Zilitokea kazi 9. Lakini msiishie hapo. Pitieni kwa macho safu ya B nzima, kwa sababu kuna majina ambayo si majina: "sote", "kamati", "vijana". Kikundi chetu kilikuwa na mistari 6 ya namna hiyo. Kwa maoni yetu "kamati" ni mbaya kuliko kisanduku kitupu, kwa sababu tupu angalau inaonekana. Jumla, kazi 15 hazikuwa na mtu.

Tarehe ndizo zenye mitego zaidi, tukae hapo kidogo.

Majedwali mengi hufunguliwa yakiwa na mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Katibu akiandika 05/09/2025 akimaanisha tarehe 5 Septemba, jedwali linasoma tarehe 9 Mei. Halilalamiki hata kidogo. Akiandika 13/09/2025, jedwali linakwama kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, basi linaiacha kama maneno ya kawaida. Kuitambua ni rahisi kama hamjabadilisha mpangilio wa safu: tarehe ya kweli hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Ukiona safu moja ina zilizoegemea kulia na zilizoegemea kushoto, jua ugonjwa ni huo.

Dawa iko kwenye kompyuta: File, Settings, halafu Locale, mchague nchi inayotanguliza siku, kama United Kingdom. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayarekebishi yaliyokwisha kuingia. Ile 9 Mei itabaki 9 Mei, itaonyeshwa tu kama 09/05/2025. Lazima mtu akae na kuandika upya kila tarehe ambayo siku yake ni 12 kurudi chini, akimuuliza aliyeiandika alimaanisha nini. Zilizobaki maneno nazo ziandikwe upya. Fomula hii inazileta zote mbili, zisizo na tarehe na zenye tarehe ya maneno:

```
=FILTER(Orodha!A2:E, Orodha!A2:A<>"", Orodha!D2:D<>"Imekwisha", ISNUMBER(Orodha!C2:C)=FALSE)
```

Kikundi chetu kilipata 17. Tarehe za safu ya E nazo zisafishwe kwa njia hiyo hiyo, tena kabla ya hatua inayofuata. Sababu yake ni hii: jedwali huhesabu maneno kuwa makubwa kuliko nambari yoyote. Ukiuliza "ipi imeguswa zamani kuliko siku 30 zilizopita?", mstari wenye tarehe ya maneno hautajitokeza kabisa, hata kama umelala mwaka mzima. Visanduku vitupu, kinyume chake, vitajitokeza vyote, na hilo ndilo mnalotaka.

```
=FILTER(Orodha!A2:E, Orodha!A2:A<>"", Orodha!D2:D<>"Imekwisha", Orodha!E2:E<TODAY()-30)
```

Hapa zilitoka 22, nyingi zikiwa zile zile zisizo na jina au tarehe. (Mkipata #N/A msishtuke, maana yake hakuna mstari unaolingana.) Siku 30 zinawafaa wao kwa kuwa wanakutana mara moja kwa mwezi. Kikundi kinachokutana kila wiki kiweke 14.

Ukaguzi umekwisha, kusafisha ndiko kunakohitaji kikao. Watu wengi hapa hukimbilia kujaza: kila kisanduku kitupu kinapewa jina la katibu na tarehe 31 Desemba. Orodha inaonekana nadhifu, na haina maana yoyote. Afadhali kila mstari usomwe kwa sauti na uulizwe kwanza: je, jambo hili limeshafanyika?

Swali hilo lijibiwe kwa ushahidi wa simu, si kwa kumbukumbu. Ule mstari wa fundi wa bomba, 4,800, ulikuwa wazi tangu Mei. Mweka hazina aliomba taarifa ya miamala ya akaunti ya kikundi kwa miezi hiyo, akatafuta kiasi, na kweli kulikuwa na malipo ya 4,800 mwezi Juni. Kiasi peke yake hakitoshi. Aliangalia pia jina la aliyepokea, kisha akanakili nambari ya muamala kwenye mstari ule ndipo akaufunga. Angekuta kiasi kinalingana lakini jina ni la mtu mwingine, mstari ungebaki wazi na ungepewa mtu wa kuufuatilia siku hiyo hiyo. Kazi 5 zilifungwa kwa njia hii, zote zimelipwa zamani bila mtu kuandika.

Swali la pili: tukiiacha, nani ataumia? "Tafuta bei ya rangi ya kioski" haikumuumiza mtu. "Rudisha 1,500 kwa mwanachama aliyelipa mara mbili" ina mtu anayesubiri, ijapokuwa hajalalamika. Kazi 12 ziliachwa kwa makubaliano na kuhamishiwa ukurasa wa Zamani. Msizifute, mtu akiuliza mwakani, jibu liwepo. Nyingine 4 zilikuwa marudio ya kazi zilizopo, zikaunganishwa. Zikabaki 19.

Hizo 19 ndizo zilizopewa jina na tarehe. Jina ni la mtu mmoja aliyekuwepo kikaoni na akasema "ndiyo, yangu". Asiyekuwepo apigiwe simu kwanza. Katika kazi za pesa, huyo ni mtu wa kuhakikisha malipo yanafanyika. Haina maana anapewa siri ya akaunti. Na kama kwenye jedwali kuna safu yoyote yenye PIN, ifuteni leo na mbadilishe PIN yenyewe, kwani nakala za zamani za jedwali bado zinaihifadhi.

Tarehe nayo itokane na kitu kinachosukuma. Mifereji ya kukinga maji ya tangi iwe imerekebishwa kabla ya mvua za vuli, kwa hiyo waliandika 18 Oktoba, ili kukitokea hitilafu wabaki na muda. Kurudisha ile 1,500 hakukuwa na kitu cha kusubiri, kukaandikwa siku mbili. Kazi ya kufukia upya bomba pale tembo walipopitia ilikosa tarehe kwa sababu ilitegemea bei ya fundi. Basi wakaibadilisha kuwa kazi wanayoweza kuianza: "Pata bei ya fundi wa kufukia bomba, mita 60", jina la mtu, 13 Septemba.

Mstari mmoja uliwashinda. Ulisema tu "Ongea na yule wa Voi". Aliyeuandika hakumkumbuka yule wa Voi, wala jambo lenyewe, na historia ya kisanduku (Show edit history, kwenye kompyuta) ilionyesha aliuandika Januari. Walimpa wiki moja akumbuke. Kikao kilichofuata, 4 Oktoba, uliingia kwenye ukurasa wa Zamani pamoja na wenzake.