Alama Zilizotamkwa, Sababu Zilizotolewa: Jinsi ya Kufupisha Kikao cha Kutathmini Zabuni

Kampuni ikikosa zabuni ya umma nchini Kenya, kifungu cha 87 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 kinataka iarifiwe ni nani aliyeshinda na kwa sababu gani. Tangu siku hiyo ina siku 14 za kupeleka malalamiko mbele ya bodi ya kitaifa ya rufaa za ununuzi, nayo bodi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Sababu zinazobishaniwa hapo huzaliwa katika chumba cha kamati ya tathmini, ambamo watu watatu hadi watano huketi na katibu kutoka idara ya ununuzi. Kikao hicho kikiwa kimerekodiwa, kazi ya katibu ni kuyageuza mazungumzo ya saa nyingi yawe kurasa chache zinazojibu maswali matatu: vigezo gani vilijadiliwa, alama zipi zilitajwa, na kwa nini wazabuni walipangwa hivyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaunti inatafuta kampuni ya washauri itakayosanifu mradi wa maji. Hati ya zabuni imegawa alama 100 za kiufundi hivi: uzoefu wa kampuni 10, mbinu na mpango kazi 30, sifa za wataalamu 50, na kufundisha wafanyakazi wa kaunti 10. Asiyefikisha alama 75 hafunguliwi bahasha ya bei. Kwa waliofaulu, ufundi unachukua asilimia 80 ya alama za mwisho na bei asilimia 20. Waombaji ni watatu, tuwaite A, B na C.

Kabla ya kuwasha rekodi, katibu anaiweka hati ya zabuni mezani na kuandika vigezo vyake vinne kama vichwa vya muhtasari. Sheria, katika kifungu cha 80, inaitaka kamati itumie vigezo vilivyo katika hati hiyo tu. Kila linalosemwa linapelekwa chini ya kichwa chake pamoja na dakika lilipotamkwa, ili anayetilia shaka aweze kurudi kusikiliza. Lisilopata kichwa halitupwi. Linaandikwa mahali pake pa pekee, chini ya maneno "yaliyosemwa nje ya vigezo". Mara nyingi sehemu hiyo fupi ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kazi ya alama ina mitego yake. Mjumbe anaposema "tuwape nane", ni nane kati ya ngapi? Mwingine anasema "mimi nimeona asilimia themanini" kuhusu mbinu, na hapo katibu anaandika 24 kati ya 30, akibakiza pembeni maneno yenyewe. Mwingine anasema "hiyo ya pili imenishinda", na haijulikani kama anataja kampuni ya pili au kigezo cha pili. Katika rekodi yenye kelele, "sita" na "tisa" hukaribiana mno. Katika mfano wetu ndivyo inavyotokea kwa wastani wa uzoefu wa A. Katibu hakisii. Anasikiliza mbele zaidi, ambapo mwenyekiti anasoma jumla ya A kuwa 84. Vigezo vingine vitatu vya A vina 24, 44 na 7, yaani 75. Iliyobaki ni 9, basi ilikuwa tisa. Kama jumla isingesomwa, angeandika kwamba sauti haikusikika vizuri, kisha akalinganisha na karatasi za alama zilizotiwa saini.

Alama zilizobadilishwa zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kila mjumbe anatakiwa kutathmini peke yake kwanza, ndipo wote washirikishane matokeo. Kwa hiyo muhtasari hauwezi kubeba alama ya mwisho pekee. Uonyeshe ya kwanza, ya pili, na neno lililosababisha mabadiliko. Tazama kigezo cha mbinu na mpango kazi. Kwa kampuni B wajumbe walitoa 27, 20 na 27. Mwenzake akamwonyesha mjumbe wa pili ratiba ya kazi iliyokuwa katika viambatisho vya B, ambayo hakuwa ameiona, naye akapandisha hadi 24. Wastani ukawa 26. Kwa kampuni A walitoa 24, 22 na 24. Kisha mtu akasema, "Hawa wana ofisi hapa mjini, tutawapata kwa urahisi," na mjumbe wa tatu akapanda hadi 26. Wastani ukawa 24.

Mabadiliko hayo mawili yote yalipandisha alama, lakini kisheria yako mbalimbali. La kwanza limesimama juu ya karatasi iliyokuwamo ndani ya zabuni na juu ya kigezo kilichotangazwa. La pili limesimama juu ya ofisi, ambayo hati haikuitaja popote. Katibu haruhusiwi kuirudisha alama ya A kuwa 24 kwa mkono wake. Anaandika yote mawili wazi, anayaweka bayana mbele ya mwenyekiti, na kamati ndiyo inayoamua kabla ya kutia saini ripoti.

Sasa tuje kwenye sababu za mpangilio. Jumla za ufundi ni A 84, B 82 na C 64. C inaishia hapo. Mjumbe mmoja alisema mpango wake wa kazi unataja mto usiopo katika kaunti hiyo, na kauli hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mbinu yake ilipata wastani wa 16 tu kati ya 30. Baadaye bahasha za A na B zikafunguliwa. A inataka shilingi milioni 12, B milioni 9.6. Bei ya chini hupata 100, na nyingine hupata bei ya chini ikigawanywa kwa bei yake, mara 100. Kwa hiyo A inapata 80. Ukichanganya, A ina 67.2 na 16, yaani 83.2. B ina 65.6 na 20, yaani 85.6. B imeshinda.

Katika rekodi mwenyekiti anafunga kwa kusema, "B ndio bora kuliko wote." Muhtasari ukiinakili kauli hiyo kama sababu, utakuwa umepotosha. Kwa ufundi A ilitangulia kwa alama mbili. B iliongoza kwa sababu bei yake nafuu iliipa nyongeza ya alama nne, huku pengo la ufundi likiwa na thamani ya 1.6 tu. Hivyo ndivyo inavyopasa kuandikwa, na maneno ya mwenyekiti yabaki kama kauli yake. Inafaa pia kuonyesha kwamba hata alama zote mbili zilizobadilishwa zikirudishwa zilivyokuwa, B ingepata takriban 84.5 na A 82.7, na mpangilio ungebaki vilevile. Hesabu hiyo iandikwe kuwa ni ya katibu, kwa kuwa haikutamkwa kikaoni.

Kimya nacho kisitafsiriwe. Mjumbe ambaye hakusikika hakukubali wala hakukataa. Aandikwe tu kuwa hakuchangia katika kigezo hicho.

Muhtasari huu hauchukui nafasi ya ripoti ya tathmini wala karatasi za alama. Vikitofautiana, tofauti iandikwe, isifichwe. Na kwa kuwa kifungu cha 67 kinalinda siri ya tathmini, rekodi na rasimu zake zikae ofisini, zisizungushwe katika simu za watu. Katibu anayemaliza kazi yake ajiulize jambo moja kabla ya kuiwasilisha: je, A akisoma ukurasa huu mbele ya bodi ya rufaa, ataikuta kila sababu ya kushindwa kwake katika hati ya zabuni aliyopewa tangu mwanzo? Asipoikuta, kosa lisahihishwe na kamati sasa, kabla ya barua ya ushindi kutumwa.