Deni la Serikali Lilivyozibana Hisa za Nairobi

Kenya ilikuwa na Yurobondi ya miaka 10 iliyouzwa mwaka 2014: dola bilioni 2, zote zikipaswa kurudishwa kwa mkupuo Juni 2024. Tarehe ilipokaribia, wakopeshaji wakaanza kuulizana fedha hizo zitatoka wapi.

Moody's, S&P na Fitch hujibu swali la namna hiyo kwa herufi. Juu kabisa ni AAA. Nchi iliyo chini ya BBB- huhesabiwa mkopaji wa kubahatisha. Mei 2023 Moody's iliishusha Kenya kutoka B2 hadi B3. Hiyo si hukumu kwamba nchi itashindwa kulipa, ila ni onyo kwamba hatari imekua, na anayekopesha hudai riba ya kumfidia hatari hiyo.

Hapo ndipo mwenye hisa anapoguswa, hata kama kampuni yake haidaiwi na mtu. Chukua Safaricom mwanzoni mwa 2024. Hisa moja iliuzwa kwa takriban shilingi 13, na gawio la mwaka lilikuwa shilingi 1.20, yaani kama asilimia 9. Februari hiyo serikali ikatoa hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Nani abaki na hisa? Ili gawio lilelile lishindane na riba hiyo, bei ya hisa haina budi kushuka. Ndiyo maana sishangai kwamba hisa iliyofika karibu shilingi 45 mwaka 2021 iliangukia hapo, ingawa sababu hazikuwa hiyo moja tu.

Mgeni aliumia mara mbili. Akiuza hisa anahitaji dola, na wengi wakizitafuta kwa pamoja shilingi hudhoofika. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Aliyechelewa kuuza alipoteza kwenye bei, kisha akapoteza tena kwenye kubadili fedha. Benki nazo, zilizojaza hatifungani za zamani zenye riba ndogo, ziliona thamani yake sokoni ikipungua.

Februari hiyohiyo Kenya ilikopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ikanunua sehemu kubwa ya deni la zamani lililokuwa la asilimia 6.875. Ni mkopo ghali wa kulipa mkopo nafuu, lakini hofu ya Juni iliyeyuka na shilingi ikapanda.

Julai, baada ya maandamano kuuangusha Muswada wa Fedha, Moody's ikashusha tena daraja hadi Caa1. Ajabu ni kwamba soko halikuporomoka. Moody's ilitazama mapato ya kodi ya miaka ijayo. Wanunuzi wa hisa walitazama riba, na kufikia Desemba hati za Hazina za siku 91 zilikuwa chini ya asilimia 10. Mwaka ukaisha hisa za Nairobi kwa jumla zikiwa zimepanda zaidi ya asilimia 30.