Mwezi Ukijaa Kakuma, Nyali Maji Inahama: Hii Ndio Rada ya Bamvua

Binamu yangu ni wa Lopur. Maji kubwa aliyokuwa amezoea ni Tarach ikishuka baada ya mvua, na Ziwa Turkana mara moja moja akienda Kalokol. Sasa tulipomfikisha Nyali asubuhi moja, saa nne hivi, akapata bahari haipo. Mchanga mtupu, vidimbwi vya samaki wadogo, na mawimbi yanapasuka huko mbali kwenye mwamba. Jamaa akavua viatu akaanza kutembea kuelekea huko, mimi nyuma yake na simu, tunapiga picha kama watalii.

Mzee mmoja alikuwa anarudi na ndoo ya pweza. Tukamwamkia, akatuangalia miguu, akasema, "Wanangu, leo bamvua. Msikae sana huko, maji yakigeuka hayawangoji."

Tukasema ahsante mzee, tukaendelea kukaa. Kufikia saa saba tulikuwa tunarudi na maji ya kifua, simu juu ya kichwa, na binamu hajui kuogelea. Tulitoka, lakini kwa kushikwa mkono na vijana wa bichi waliokuwa wanatucheka waziwazi.

Sasa wacha nikuchanue kitu ambacho sisi wawili tungekuwa tunajua kabla ya kuvua viatu. Bamvua ni ile maji ya bahari inayojaa sana halafu inakupwa sana, na inakuja mara mbili kwa mwezi: mwezi ukiwa mpevu kabisa, na mwezi ukiwa haupo angani. Katikati hapo kuna maji mafu, ambapo bahari inapanda na kushuka kidogo tu kama mtu amechoka.

Anza na mbuzi watatu

Watu wengi huambiwa mwezi unavuta maji juu, basi. Hiyo stori ina shimo. Kama mwezi unavuta maji tu, maji ingejaa upande mmoja wa dunia, ule unaoangalia mwezi, na pwani ingepata kujaa mara moja kwa siku. Lakini Mombasa maji inajaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila siku. Hiyo ya pili inatoka wapi?

Chukua mbuzi watatu kwenye mstari, wameona maji huko mbele ya kisima. Wa mbele ako karibu, anakimbia sana. Wa katikati anakimbia wastani. Wa nyuma anakimbia pole. Wote wanaelekea upande mmoja, sivyo? Lakini muulize yule wa katikati. Yeye ataona wa mbele anamtoroka na wa nyuma pia anabaki mbali. Mstari umenyooka pande zote mbili.

Hivyo ndivyo mwezi unafanya. Mvuto wake unapungua kadiri unavyoenda mbali. Maji ya upande unaoangalia mwezi inavutwa zaidi kuliko dunia yenyewe. Maji ya upande wa nyuma inavutwa kidogo kuliko dunia. Kwa hivyo bahari inavimba pande mbili, mbele na nyuma, na kati ya hizo vimbe maji inapungua. Dunia inapozunguka, Mombasa inapita chini ya uvimbe wa kwanza, halafu wa pili. Kujaa mara mbili.

Na kwa sababu mwezi nao unasonga huku dunia ikizunguka, inabidi dunia iongeze kama dakika 50 kuufikia tena. Ndio maana kujaa kwa leo na kujaa kwa kesho hakulingani saa: kesho inachelewa dakika 50 hivi. Kutoka kujaa moja hadi nyingine ni masaa 12 na dakika 25.

Jua nalo liko kwa hii mambo

Jua linavuta dunia kuliko mwezi, tena si kidogo, kama mara 180. Ungedhani basi jua ndilo bosi wa maji. Lakini kumbuka mbuzi: kinachovimbisha bahari si nguvu ya kuvuta, ni tofauti ya mvuto kati ya mbele na nyuma. Jua liko mbali hadi kwamba mbele ya dunia na nyuma ya dunia kwake ni karibu sawa tu.

Hesabu yake si ngumu. Jua lina uzito wa kama miezi milioni 27. Liko mbali mara 390 kuliko mwezi. Hii tofauti ya mvuto inapungua kwa umbali ukizidishwa mara tatu, yaani 390 mara 390 mara 390, ambayo ni kama milioni 59. Gawanya 27 kwa 59, unapata 0.46. Kwa hivyo jua linavimbisha bahari chini kidogo ya nusu ya vile mwezi unafanya.

Sasa weka hao wawili pamoja. Mwezi ukiwa umefichika, uko upande mmoja na jua, na vimbe zao zinapandana. Ukiwa mpevu, jua na mwezi ziko pande tofauti za dunia, na hapa ndipo wasee huuliza: si wanavutana basi, mmoja anaua kazi ya mwingine? Hapana. Kila mmoja anavimbisha pande mbili. Uvimbe wa nyuma wa jua unakutana na uvimbe wa mbele wa mwezi. Zinapandana vilevile. Moja jumlisha 0.46, ndio bamvua.

Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi zimekaa kama kona ya meza. Jua linajaza pale mwezi unapunguza, na linapunguza pale mwezi unajaza. Moja toa 0.46, unabaki na 0.54. Hayo ndiyo maji mafu.

Kwa Mombasa hiyo hesabu inaonekana kwa macho. Siku za bamvua za kawaida, tofauti ya maji ikijaa na ikikupwa pale Kilindini ni kama mita tatu na kitu. Siku za maji mafu ni kama mita moja tu. Kunazo bamvua zinazofika karibu mita nne: mwezi ukiwa umekaribia dunia, na hasa karibu na Machi na Septemba, jua likiwa limesimama juu ya ikweta na kuvuta sambamba na mwezi.

Kitu kimoja cha kuchunga: bamvua kubwa kabisa haiji usiku uleule wa mwezi mpevu. Inachelewa siku moja au mbili, juu bahari ni nzito na haipokei amri papo hapo. Wavuvi wa pwani hawahitaji kuambiwa hii. Wao huhesabu kwa mwezi wa Kiislamu, ambao unaanza na mwezi mwandamo, kwa hivyo bamvua inaangukia mwanzo wa mwezi na karibu na tarehe 15, na maji mafu yanaangukia kama tarehe 8 na 22. Kalenda yao ni jedwali la maji tayari.

Tulipokosea sisi

Sasa rudi Nyali. Bamvua ya Mombasa ina mazoea: inajaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na inakupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Karibu kila bamvua, masaa ni hayo, kwa sababu bamvua inatokea tu mwezi ukiwa umejipanga na jua, na jua ndilo linaweka saa zetu. Ndio maana mgeni akishuka bichi asubuhi siku hizo anapata bahari imehama, na anadhani itakaa hivyo siku nzima.

Halafu kuna vile maji inarudi. Haipandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu ya haraka: gawa urefu wote wa kujaa mara 12. Saa ya kwanza inapanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Chukua bamvua ya mita 3.2. Kutoka saa nne hadi saa tano inapanda kama sentimita 27 tu. Hapo ndipo tulijidanganya, tukasema iko pole. Saa tano hadi saa sita, sentimita 53. Saa sita hadi saa saba, sentimita 80. Ukijumlisha ni mita 1.6 kwa masaa matatu, na saa inayofuata ni 80 zingine.

Ubaya zaidi ni kwamba pale ndani ya mwamba, mchanga si tambarare. Kuna mkondo wa chini kati yako na ufuo, na huo unajaa kwanza. Wewe umesimama juu ya mwamba miguu mikavu, unaangalia mawimbi huko mbele, kumbe njia ya nyuma ishafungwa. Ukiona vidimbwi ulivyopita vimeanza kuungana na maji ndani yake inatembea kuelekea ufuoni, geuka hapo hapo. Na kabla ya kutoka, Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la kujaa na kupwa la Mombasa kwa mwaka mzima, hata kwa simu unaipata.

Na mbona Ziwa Turkana halifanyi hivyo?

Binamu aliniuliza hii kwa matatu tukirudi, bado ana mchanga masikioni. Mwezi si ndio huo huo?

Ni huo huo. Lakini mwezi hauinui maji moja kwa moja kutoka chini. Nguvu yake ikilinganishwa na uzito wa maji ni kama sehemu moja ya milioni kumi. Inachofanya ni kuisukuma kando, polepole, na bahari ina maelfu ya kilomita za maji ya kukusanya mpaka ikawa rundo. Ziwa Turkana ni refu kaskazini hadi kusini, lakini mwezi unapita mashariki kwenda magharibi, na upande huo ziwa lina kama kilomita 30 tu. Kwa upana huo, maji ya ukingo mmoja inapanda kuliko ule mwingine kwa milimita mbili au tatu. Wimbi la mtumbwi linafuta hiyo.

Kwa hivyo ukiwa Kalokol na uone maji imesogea kutoka jana, usilaumu mwezi. Hiyo ni upepo wa kusini mashariki umesukuma ziwa upande wetu. Na ikisogea kwa miezi, basi ni Mto Omo umeleta mvua ya Ethiopia.

Lakini ukiwa Kakuma jioni, uone mwezi mzima unatoka mashariki wakati jua linazama magharibi, ujue umesimama katikati ya huo mstari. Kesho yake au kesho kutwa, saa nne asubuhi, Nyali maji itakuwa mbali. Na saa saba itakuwa ya kifua.