Firigisi na miguu ya kuku: kwa nini huchelewa kuiva, na dakika zinazohitajika

Wakazi wengi hununua firigisi na miguu ya kuku kwa sababu bei yake ni nafuu kuliko mapaja. Malalamiko ni yale yale: zimechemshwa nusu saa, bado zinaruka mdomoni kama raba.

Firigisi ni msuli unaosaga chakula cha kuku siku nzima. Miguu nayo ni ngozi na kano tupu. Katika nusu saa ya kwanza nyama hii hujikaza, ikawa ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Nyuzi zake huanza kuyeyuka baadaye, polepole. Anayeepua mapema huepua wakati mbaya kabisa.

Mwinuko pia huchangia. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mjini Meru na Embu huchemka kwenye takriban nyuzi 95, na Timau chini ya hapo. Kuongeza moto hakuongezi joto la maji. Hukausha supu tu.

Kwanza safisha. Pasua firigisi, mwaga uchafu na changarawe, kisha ubandue utando wa njano wa ndani. Miguu itumbukize katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, menya ngozi ya nje na ukate kucha. Ikikaa sana majini, ngozi ya ndani huiva na kuchanika unapomenya.

Tuchukue mfano wa nusu kilo ya firigisi na nusu kilo ya miguu ya kuku wa kienyeji. Weka kwenye sufuria pamoja na kitunguu, tangawizi na chumvi, kisha maji yapite nyama kwa vidole viwili. Yakichemka, punguza moto, funika, na uache yatokote taratibu kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Kwa kuku wa broila, saa moja na nusu hutosha.

Presha kuka hupandisha joto kupita nyuzi 110, hivyo huokoa makaa au gesi. Usiijaze kupita theluthi mbili. Hesabu dakika tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu: broila dakika 25, kienyeji 40. Zima, na usifungue mfuniko hadi mvuke wote uishe, kwani unaweza kukuunguza vibaya.

Kabla ya kukaanga na nyanya, pima. Uma uingie kwenye firigisi bila kusukumwa, na kiungo cha mguu kiachane ukikivuta kwa vidole. Uma ukikataa, rudisha motoni kwa nusu saa, au dakika 10 kwenye presha kuka. Usikaange kwanza ukitumaini mafuta yatalainisha, hayatalainisha.

Supu iliyobaki usiimwage. Ikipoa hugandana kama jeli, ishara kwamba kano zimeyeyuka, na hufaa kupikia mboga.