Somo la mfano la dakika 15 kwenye usaili wa ualimu

Baadhi ya shule humtaka anayeomba kazi ya ualimu afundishe mbele ya wasaili. Kwa wasikilizaji wetu wa Mbeya na Iringa wanaojiandaa, tuchukue somo la hisabati, mada ya sehemu, kwa dakika 15.

Kwenye andalio la somo weka lengo moja: “Mwanafunzi aweze kueleza kwa nini 1/4 ni kubwa kuliko 1/8.” Usiandike “aelewe”, kwa sababu kuelewa hakuonekani, maelezo yanasikika.

Dakika 2 za kwanza uliza ipi kubwa. Huenda wengi wakasema 1/8, kwa kuwa 8 inaizidi 4. Dakika 7, wawili wawili wakunje karatasi mbili zinazolingana, moja mara mbili, nyingine mara tatu, kisha walinganishe vipande. Dakika 3 waeleze walichoona. Dakika 3 za mwisho, bila karatasi, kila mmoja aandike: kati ya 1/3 na 1/5, ipi kubwa, na kwa nini?

Ukiuliza “Mmeelewa?” wataitikia “Ndiyo mwalimu!” nawe hujapima kitu. Muda ukibana, fupisha kukunja, usiache swali la mwisho. Wasaili wakikaa kama wanafunzi, nao wape karatasi wakunje.